Dakika 20 kabla ya kulala: jinsi sala tulivu na kunyoosha miguu kunavyoujulisha mwili kwamba siku imekwisha

Chukua mfano wa mama mmoja wa Mtwapa, mwenye miaka 52, anayeuza mahamri na mbaazi kando ya barabara. Saa kumi za usiku lazima awe jikoni, kwa sababu wateja wake wa kwanza, makondakta na mafundi wa mjengo, hufika kabla ya jua kuchomoza. Kwa hiyo yeye hujitahidi kulala mapema. Saa mbili na nusu usiku yuko kitandani, taa ya chumba inawaka, simu iko mkononi, na kundi la chama chake linaendelea kuandika. Simu ikizimwa, hesabu zinaanza: unga umepanda bei, mteja fulani hajalipa tangu wiki iliyopita, karo ya mtoto. Anageuka upande huu, anageuka upande ule. Usingizi unamchukua saa sita, na saa kumi kengele ya simu inamwamsha. Amelala saa 4.

Ukimuuliza, atasema hana usingizi. Mhudumu wa afya ya jamii aliyemtembelea kumpima presha aliliona jambo hilo kwa namna nyingine. "Mama," alisema, "usingizi unao, lakini mwili wako haujui ni saa ngapi ya kuuleta."

Maneno hayo yanahitaji kufafanuliwa kidogo. Usingizi huletwa na mambo mawili yanayokwenda sambamba. La kwanza ni uchovu unaojikusanya ubongoni tangu mtu anapoamka. Mojawapo ya kemikali zinazohusika huitwa adenosini, nayo huongezeka kadiri mtu anavyokaa macho. La pili ni saa ya mwili, sehemu ndogo sana ndani ya ubongo inayopokea habari za mwanga kutoka machoni. Giza likiingia, saa hiyo huruhusu homoni ya melatonini kutoka, nayo huanza kupanda takriban saa 2 kabla ya wakati ambao mtu amezoea kulala. Wakati huo huo joto la ndani ya mwili huanza kushuka, na damu nyingi zaidi hupelekwa mikononi na miguuni ili joto litoke nje.

Huku kwetu karibu na ikweta jua huzama karibu wakati ule ule mwaka mzima, kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasorobo jioni kwa upande wa Pwani. Mwili wa mtu wa huku ulipewa ishara iliyo wazi na isiyobadilika. Kilichobadilika ni kwamba baada ya machweo watu huwasha taa nyeupe kali na kuinamia simu, na mwanga huo huchelewesha melatonini. Ishara ya zamani imefunikwa, na hakuna nyingine iliyowekwa mahali pake.

Hapo ndipo sala ya usiku, tafakuri au kunyoosha viungo huingia. Mambo haya si dawa ya usingizi. Kazi yake ni kuwa ishara. Mtu akifanya mambo yale yale, kwa mpangilio ule ule, mahali pale pale, na usingizi ukafuata mara kwa mara, ubongo hujifunza kuunganisha la kwanza na la mwisho. Baada ya muda, kutandika mkeka tu kunatosha kuleta miayo. Ni kama mtoto mdogo anayeanza kusinzia mama anapomfunga mgongoni kwa leso, hata kabla ya kuimbiwa.

Lakini mafunzo hayo huenda pande zote mbili, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Mtu anayelala macho kitandani kila usiku akihesabu madeni anaufundisha mwili wake kwamba kitanda ni mahali pa kuhesabu madeni. Baada ya miezi michache, anaweza kuwa anasinzia kwenye kiti mbele ya runinga, akiingia kitandani macho yanakuwa makavu kama ya samaki. Mwanasaikolojia Mmarekani Richard Bootzin aliliandikia jambo hili mwaka 1972, na kanuni alizotoa bado hutumiwa na wataalamu wa usingizi: mtu asiende kitandani mpaka awe na usingizi, kitanda kisitumiwe kwa kazi wala kwa simu, na asiyepata usingizi kwa muda wa kama dakika 20 aondoke kitandani, akae mahali pengine penye mwanga hafifu, arudi atakaposinzia.

Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo mhudumu alimwomba yule mama lilimshangaza: achelewe kulala. Alikuwa anaingia kitandani saa mbili na nusu ilhali mwili wake haukuwa tayari hadi usiku mkubwa. Walikubaliana asipande kitanda kabla ya saa tatu na nusu. Dakika 20 za mwisho kabla ya hapo zingekuwa za kumshusha taratibu. Chai ya rangi ya saa kumi na moja jioni nayo ilihamishwa hadi mchana, kwa kuwa kafeini huchukua karibu saa 5 ndipo nusu yake iondoke mwilini.

Mpangilio wenyewe ulijengwa juu ya mambo ambayo tayari alikuwa anayafanya, na huenda hiyo ndiyo sababu haukumshinda. Kila jioni mama huyu hukanda unga wa mahamri kwa tui, hamira na iliki, akaufunika uumuke usiku kucha. Zamani alikuwa akiswali Isha mara tu ilipoingia, kisha akakanda, kisha akashika simu. Kwa kuwa Isha ina wakati mrefu na yeye huswali nyumbani, aliigeuza zamu: kwanza unga, halafu simu iwekwe ichajiwe sebuleni, halafu taa kubwa izimwe ibaki ndogo ya ukutani, halafu swala. Kufunika sufuria ya unga kukawa ndiyo mwanzo wa usiku wake.

Baada ya Isha hakusimama. Alibaki kwenye msala akaleta tasbihi ambayo Waislamu wengi huifahamu kwa wakati wa kulala: Subhanallah mara 33, Alhamdulillah mara 33, Allahu Akbar mara 34. Alikuwa ameizoea tangu utotoni, ila aliisoma mbio, kama mtu anayelipa deni. Mhudumu, ambaye hakutaka kumfundisha mtu mzima dini yake, aliomba jambo moja tu: matamshi mawili kwa kila pumzi inayotoka, polepole, kisha avute pumzi kwa utulivu. Kwa mwendo huo, matamshi 100 huwa pumzi 50, na pumzi moja ikichukua kama sekunde 10, shughuli yote ni dakika 8 hivi.

Mwendo huo una sababu. Mtu anapovuta pumzi, moyo wake hupiga haraka kidogo, anapoitoa, hupungua. Yeyote anaweza kulihisi hilo kwa kuweka vidole viwili kwenye mshipa wa kifundo cha mkono na kupumua polepole. Upunguaji huo huletwa na neva ndefu iitwayo vagasi, inayotoka kichwani na kushuka hadi moyoni na tumboni, na ndiyo inayouambia mwili kwamba hakuna hatari. Pumzi ikirefuka, hasa ile ya kutoka, neva hiyo hupata nafasi zaidi ya kufanya kazi yake.

Mwaka 2001, mtafiti Mwitaliano Luciano Bernardi na wenzake walichapisha katika jarida la madaktari wa Uingereza matokeo ya jambo walilolipima kwa watu 23. Waliwasikiliza wakisali rozari kwa Kilatini, na pia wakirudia maneno ya ibada ya yoga. Katika hali zote mbili pumzi zao zilishuka zenyewe hadi karibu 6 kwa dakika, na mapigo ya moyo yakaingia katika mwendo mmoja na pumzi. Hakuna aliyewaambia wapumue polepole. Urefu wa maneno ndio uliowapangia pumzi. Inavyoonekana, waliotunga sala za kurudiarudia katika dini mbalimbali walikuwa wamegundua mwendo huo kabla ya vifaa vya kuupima kuwapo.

Kwa hiyo jirani Mkatoliki anaweza kusali fumbo moja la rozari, yaani Salamu Maria 10, na kufika mahali pale pale. Mprotestanti anaweza kushika mstari mmoja wa zaburi aliouhifadhi. Asiyekuwa na desturi ya kusali anaweza kuhesabu pumzi kutoka 1 hadi 10 na kuanza upya, au kutaja kimya kimya mambo matatu ya siku hiyo yaliyokwenda sawa. Kinachotakiwa ni maneno ambayo mtu anayajua kwa moyo, mafupi, yasiyomfanya afikiri yafuatayo ni yapi.

Hapa panahitaji tahadhari, kwani si kila sala hutuliza. Sala ya kuomba, ambapo mtu humtajia Mungu shida zake moja moja, ina mahali pake, lakini ikiwa ndiyo ya mwisho kabla ya kulala inaweza kugeuka kuwa ile ile orodha ya madeni, safari hii ikiwa na amina mwishoni. Mtu atajua kwa dalili hizi: taya limekaza, mabega yamepanda, na anapomaliza anakuta amerudia jina la mdeni wake mara nne. Kesha la nyimbo na vigelegele nalo huamsha mwili, ndivyo lilivyokusudiwa. Utaratibu unaofaa ni kuanza na maombi, mtu akiwa amekaa mbali na kitanda, kisha kumalizia na maneno ya kurudiarudia.

Kwa yule mama, hesabu za kibanda hazikukubali kuondoka kwa tasbihi peke yake. Usiku wa tatu alikatika katikati ya Alhamdulillah akikumbuka kwamba hajaagiza mbaazi. Mhudumu akampa dawa ya daftari: kabla ya kufunika unga, aandike kwa dakika 5 mambo ya kesho, kwa ukamilifu wake. Asiandike "mbaazi" tu, aandike "nimpigie muuzaji saa mbili asubuhi, kilo 10". Ushauri huu una msingi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, waliwapima vijana 57 maabara ya usingizi. Waliotumia dakika 5 kuandika mambo waliyotakiwa kuyafanya siku zinazofuata walisinzia mapema kwa takriban dakika 9 kuliko walioandika yale waliyokwisha kuyafanya, na kadiri orodha ilivyokuwa bayana ndivyo usingizi ulivyowahi. Jambo lililoandikwa halihitaji kushikwa kichwani. Dakika 9 si nyingi, lakini kwa mtu anayelala saa 4 si haba.

Lilibaki suala la miguu. Mtu anayesimama mbele ya karai la mafuta tangu alfajiri hadi saa nne asubuhi huenda kulala vigimbi vikiwa vimekaza, na mama huyu alikuwa akiamshwa mara kwa mara na msuli wa mguu kuvutwa, maumivu yale yanayomfanya mtu aruke kutoka kitandani gizani akitafuta sakafu. Nchini Uholanzi, utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliwahusisha watu 80 wenye zaidi ya miaka 55 waliokuwa na tatizo hilo. Walionyoosha vigimbi na misuli ya nyuma ya mapaja kila usiku kabla ya kulala, kwa wiki 6, walivutwa mara chache zaidi, na maumivu yalipungua, kuliko wasionyoosha.

Namna ya kufanya ni rahisi. Mtu husimama akiukabili ukuta, viganja vikiwa ukutani kimo cha kifua. Mguu mmoja huwekwa mbele na goti lake likunjwe. Wa pili hubaki nyuma umenyooka, kisigino kikiwa chini kabisa. Huegemea mbele polepole mpaka ahisi kuvutika kwa kigimbi cha nyuma, hukaa hapo kwa sekunde 10 akipumua, kisha hulegeza. Hurudia mara 3 kwa kila mguu. Kwa nyuma ya paja, hukaa kwenye mkeka, mguu mmoja umenyooka, akainama kuelekea kwenye vidole bila kulazimisha kuvigusa, kwa muda ule ule. Yote haya hayazidi dakika 4.

Makosa mawili hutokea sana. La kwanza ni kudundadunda ili kuvuta zaidi. Msuli hujilinda kwa kukaza, na mtu huishia na maumivu. Kuvutika kunakofaa ni kule kunakomruhusu mtu aendelee kupumua kwa utulivu. Akijikuta amebana pumzi, amezidisha. La pili ni kugeuza kunyoosha kuwa mazoezi. Anayetoka jasho na moyo kumwenda mbio ameupandisha mwili joto wakati ambapo ulitakiwa kupoa. Mwenye goti lililovimba, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, au mjamzito wa miezi ya mwisho aulize kwanza kituoni. Na mguu mmoja ukiwa umevimba, una joto na unauma kwenye kigimbi hata mtu akiwa amepumzika, usinyooshwe wala kukandwa: huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Matokeo ya mama wa Mtwapa hayakuja haraka. Wiki ya kwanza ilikuwa mbaya kuliko zilizotangulia. Usiku mbili alilazimika kuondoka kitandani, akakaa kwenye mkeka gizani, akakasirika, na usiku mmoja akaichukua simu. Asubuhi yake alichoma mahamri. Hilo ni la kawaida, na ndipo wengi huachia, kwa kuwa hudhani wamejaribu na imeshindikana. Ishara mpya haiwezi kufuta kwa siku 5 kile ambacho mwili umejifunza kwa miaka 5. Wiki ya pili alikuwa anasinzia karibu saa nne na nusu. Wiki ya nne aliona jambo ambalo hakulitarajia: alipiga miayo akiwa bado ameegemea ukuta, mguu wa pili haujanyooshwa. Sasa huwa amelala kabla ya saa nne, ambayo ni kama saa 6 za usingizi. Siku za harusi na matanga mpangilio huvurugika, naye huurudia usiku unaofuata bila kujilaumu. Saa ya ukutani ameigeuza isionekane kutoka kitandani, kwa kuwa kila alipoitazama alikuwa akipiga hesabu ya muda uliobaki.

Kwa walinzi wa usiku, wauguzi na madereva wa malori, mpangilio huo huo hutumika asubuhi baada ya zamu, chumba kikiwa kimefunikwa kwa pazia zito. Mwili hutazama utaratibu, ijapokuwa mwanga wa mchana utaendelea kushindana nao, na ni haki kusema kwamba wao watapata faida ndogo zaidi.

Kuna yale ambayo hakuna sala wala mkeka utakaoyaondoa peke yake. Anayetafuna miraa au muguka jioni ameingiza mwilini kichangamshi kinachopiga moyo mbio, na pumzi za polepole haziwezi kukitoa. Anayekoroma kwa nguvu, pumzi ikakatika kisha akashtuka kwa kukabwa, halafu akasinzia mchana hata kwenye matatu, huenda njia yake ya hewa inafunga usiku. Huyo anahitaji kupimwa, hasa kama ana presha. Kukojoa mara nyingi usiku pamoja na kiu kunataka kipimo cha sukari. Na zile tembe za mafua na mzio ambazo watu hununua dukani kwa sababu zinasinzisha humwacha mtu na uzito wa kichwa asubuhi, na kwa wazee huongeza hatari ya kuanguka.

Mtu anayekosa usingizi usiku 3 au zaidi kwa wiki, kwa miezi 3, afike kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu naye hata kama ameshazoea hali hiyo. Ajitahidi kwenda na karatasi yenye maelezo ya wiki 2: saa aliyoingia kitandani, saa anayodhani alisinzia, saa aliyoamka, na chai, kahawa au miraa aliyotumia. Karatasi hiyo humsaidia tabibu kuliko maelezo marefu. Na ikiwa kukosa usingizi kumekuja pamoja na huzuni isiyoondoka, kukosa hamu ya chakula, au mawazo kwamba ni afadhali asiwepo, miezi 3 isisubiriwe. Aende siku hiyo hiyo, na asiende peke yake. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake anaweza kumsindikiza.